Nimelipia friza Mwanza, mwezi umepita halijafika Nansio. Nisaidieni kuirekebisha hii barua ya kudai hela yangu

#1 Bi Barafu
Wakuu salaam. Niko Nansio, Ukerewe, nauza barafu, juisi na maji baridi karibu na gati. Friza langu la zamani liliungua kompresa mwezi wa saba, nikaanza kutafuta jingine.

Nikaliona kwenye stetasi ya duka moja la vifaa vya umeme mjini Mwanza (jina naliacha). Friza jipya la lita 200, laki sita na ishirini. Usafiri elfu thelathini, na kwenye tangazo lao wameandika kabisa "tunafikisha popote Kanda ya Ziwa". Jumatano tarehe 6 Agosti nikatuma 650,000 kwa simu. Namba ya kulipia nilipewa na duka lenyewe humohumo WhatsApp, ila jina lililotokea halikuwa la duka, lilikuwa la mtu. Nikauliza. Wakanijibu "ni wa hapahapa dada, lipa tu". Nikalipa.

Waliniambia Jumamosi tarehe 9 nitalipokea gatini Nansio. Nikakodi mkokoteni, nikasimama pale mpaka mtu wa mwisho akashuka. Nimerudi na mkokoteni mtupu na nimeulipia.

Tangu hapo ni kesho, keshokutwa, bosi kasafiri. Wiki iliyopita wamegeuza maneno: "Mzigo tulishakabidhi melini, malizana na watu wa meli." Baada ya hapo simu hazipokelewi.

Nimeandika barua hii, nataka mpwa wangu aliyeko Buhongwa aipeleke dukani:

"Kwako mwenye duka. Nimechoka na uongo wenu. Mmekula hela ya mjane na Mungu anawaona. Nataka hela yangu au mniletee friza haraka sana, na fidia ya hasara zote niliyopata. Mkichelewa nitawaanika mtandaoni na picha zenu, na polisi mtalala. Ni mimi mteja wenu."

Naombeni mnirekebishie. Najua ina hasira.

#2 Kijana wa Makoroboi
Dada barua ya nini? Nenda polisi fungua RB ya utapeli, huyo jamaa akishalala ndani usiku mmoja hela inatoka na nauli juu. Barua anafungia maandazi.

#3 Shem wa Igoma
Pole sana. Ukikosea namba unapiga huduma kwa wateja haraka kabla hajatoa, wanaizuia hela. Na hiyo namba ya tapeli itume kwenda 15040 waifunge. Shemeji yangu alifanya hivyo akarudishiwa siku hiyohiyo.

#4 Bi Barafu
Shem asante, ila sikukosea namba. Nilituma kwa niliyemkusudia na duka lipo, watu wanaingia wananunua. Tatizo ni mzigo.

#5 Dagaa Mkavu
Mimi niliagiza taa za sola za kuvulia dagaa, seti tatu, kwa mtu wa Dar. Ni 2023 hiyo. Nilipiga simu miezi minne nikaacha, nikajisemea kimenikuta cha kunikuta. Kwa hiyo dada hauko peke yako, ila mimi ushauri sina.

#6 Mtu wa Gati
Mimi nashinda na mizigo Mwanza Kaskazini. Swali moja tu: walikutumia risiti ya mzigo? Si picha ya friza, risiti.

#7 Bi Barafu
Hawakutuma risiti. Walituma picha moja tarehe 8 jioni, boksi limesimama, wakaandika "mzigo wako huo unaondoka". Nimeliangalia hilo boksi mpaka nimelikariri. Limesimama kwenye sakafu ya malumalu nyeupe, nyuma yake kuna majiko ya gesi yamepangwa.

#8 Mtu wa Gati
Hapo umejijibu mwenyewe. Kwetu gatini hakuna malumalu nyeupe wala majiko ya gesi yaliyopangwa. Hiyo picha imepigwa dukani.

Angalia na kitu kingine. Hilo boksi limeandikwa jina lako na namba ya simu kwa maka peni? Mzigo wa kupokelewa Nansio unaandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, kwa sababu ukishuka kule mabegi, magodoro na mabati vyote viko sehemu moja. Mwenye kupeleka analipia, anapewa risiti yenye jina lake, jina la mpokeaji, aina ya mzigo na idadi, halafu anaipiga picha anamrushia mpokeaji. Ndiyo unayokuja nayo kuchukulia mzigo. Muuzaji anayesafirisha kila wiki hawezi kuwa hajui hilo.

#9 Bi Barafu
Nimelikuza. Halijaandikwa chochote. Limefungwa na gundi ya kiwandani tu.

#10 Kijana wa Makoroboi
Sawa, lakini tuwe wakweli. Nimesoma biashara chuo, sheria inasema muuzaji akishamkabidhi msafirishaji, mzigo ni wa mteja. Ukipotea njiani ni juu ya mteja na msafirishaji. Kwa hiyo jamaa akisema alikabidhi melini anaweza kuwa na hoja.

#11 Karani Mstaafu
Nimefanya kazi ya ukarani Mahakama ya Mwanzo miaka mingi, sasa nafuga kuku Kisesa. Barua za namna hii nimezipokea kama vielelezo mpaka nimechoka kuzihesabu, kwa hiyo naomba nichukue nafasi kidogo.

Kijana hajakosea, amesoma nusu ya ukurasa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba kumkabidhi msafirishaji ni sawa na kumkabidhi mnunuzi. Lakini hayo ni makisio ya kuanzia, yanavunjwa na makubaliano. Muuzaji akiahidi kufikisha mahali fulani, basi kazi yake haijaisha mpaka mzigo ufike pale. Hapa kuna tangazo la "tunafikisha", kuna elfu thelathini ya usafiri aliyopokea yeye mwenyewe, na kuna ujumbe wa kwamba utalipokea gatini Nansio. Hakumtafutia mteja meli, alijitwika kazi ya kufikisha. Halafu hata tukimpa hiyo hoja, atuoneshe alimkabidhi nani. Anayedai alikabidhi ndiye wa kuleta risiti. Barua yako ndiyo mahali pa kumwomba hiyo risiti, kwa sababu kama ipo, ataitoa haraka sana.

Sasa barua. Hasira siyo kosa, ila ina makosa manne yanayokuumiza wewe.

La kwanza na kubwa: "hela yangu au mniletee friza". Ukiandika hivyo umempa chaguo, na atachagua kukuahidi friza. Wiki tatu nyingine zimekwenda. Na ukimkubalia tarehe mpya, yeye mbele ya hakimu atasema mlikubaliana kuongeza muda. Amua moja. Kama unataka hela, sema unavunja oda na unadai hela, basi, na usirudi nyuma kwenye simu.

Hapo kuna kitu wengi hawakijui. Oda hii ilifanyika kwa simu, kwa hiyo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaihusu. Muuzaji asipotimiza oda ndani ya muda mliokubaliana, au ndani ya siku 30 kama hamkutaja muda, mteja anaweza kuivunja kwa kumpa taarifa ya maandishi ya siku 7. Maana yake zile siku saba ambazo watu huziandika kwa mazoea, kwako zina uzito. Hiyo karatasi Kijana anayosema itafungiwa maandazi ndiyo taarifa yenyewe.

La pili, hujaandika lini, shilingi ngapi, kwenda namba ipi. Ile meseji ya muamala ina kumbukumbu namba. Inakili herufi kwa herufi.

La tatu ni jina, na hapa nenda taratibu. "Mwenye duka" siyo mtu. Hata jina la biashara lililosajiliwa BRELA, kama siyo kampuni, halishtakiwi peke yake. Anashtakiwa mwenye nalo, "fulani anayefanya biashara kwa jina la fulani". Wewe una majina mawili: la kwenye ubao wa duka na la mtu aliyepokea hela. Mpwa wako akifika dukani aangalie leseni ya biashara, inatakiwa itundikwe mahali inapoonekana. Akinakili jina la mwenye leseni, barua iandikwe kwa huyo. Aliyepokea hela mtaje ndani ya barua kama mpokeaji uliyeelekezwa na duka, ili kesho wasije wakasema huyo mpokeaji alikuwa kibarua na hela hakuifikisha. Hilo lao na yeye. Wewe ulilipa ulipoambiwa na namba ya duka.

La nne ni kutishia kumwanika. Toa. Ukikosea jina moja au picha moja ukaibandika, wewe ndiye unageuka mlalamikiwa. Na polisi usimtaje kama fimbo ya kukusanyia deni. Kama kuna jinai unakwenda kuripoti, huandiki "ukinilipa siendi".

#12 Kijana wa Makoroboi
Mzee nakuheshimu, ila kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa, kifungu 302 Kanuni ya Adhabu. Sasa kwa nini asiende?

#13 Karani Mstaafu
Kipo, na hakuna anayemkataza. Ila ataulizwa: siku unatuma hela, walikudanganya nini? Kama friza halikuwapo kabisa na walijua, huo ni udanganyifu. Kama lilikuwapo wakaliuza kwa mwingine aliyekuja na hela mkononi, afande atakwambia haya ni madai, nenda mahakamani. Tusichokijua mpaka sasa ni kipi kati ya hivyo viwili. Jibu la barua ndilo litakaloonesha.

#14 Ngosha wa Nyakato
Barua bila muhuri wa wakili ni karatasi tu. Tafuta wakili hapo mjini akupigie "notisi ya madai", mtu akiona nembo anatetemeka.

#15 Karani Mstaafu
Ngosha, kutetemeka ni kweli wanatetemeka. Lakini hakuna sheria inayosema taarifa hii lazima iandikwe na wakili, na kwa laki sita na nusu dada apime mwenyewe atamlipa wakili kiasi gani. Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, watu wanajisemea. Nimeona barua ya mkono, kwenye karatasi ya daftari, ikashinda kwa sababu tarehe zilikuwa sahihi.

#16 Bi Barafu
Baba Karani asante sana. Nina maswali mawili. Huu mwezi mzima nanunua barafu kwa mtu, kila ndoo faida yote inaishia kwake. Siwezi kudai hiyo? Na pili, wale watu wamewasha ule mpangilio wa WhatsApp wa meseji kujifuta. Nimeshtuka jana, za mwanzoni bado zipo.

#17 Karani Mstaafu
Anza na la pili, sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Zima huo mpangilio. Kisha toa nakala ya mazungumzo yote yajitume kwenye barua pepe yako, pamoja na sauti kama zipo. Skrinshoti piga pia, zioneshe namba yao juu na tarehe. Lakini simu yenyewe usiiuze wala kuifuta. Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi, ila wakiukana, swali litakuwa umetoka wapi na ulitunzwaje, na jibu zuri kuliko yote ni simu ile ile mezani.

Kuhusu barafu: Sheria ya Mikataba, kifungu 73, inaruhusu fidia ya hasara inayotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, au ambayo wote mlijua tangu mwanzo kwamba itatokea. Uliwaambia friza ni la biashara?

#18 Bi Barafu
Niliwaambia kwenye sauti. "Nalitaka haraka, nauza barafu kwa wavuvi, sasa hivi nanunua kwa watu." Ipo.

#19 Karani Mstaafu
Basi una mlango. Ila una risiti za hiyo barafu?

#20 Bi Barafu
Barafu ya jirani ina risiti gani baba.

#21 Karani Mstaafu
Ndiyo hapo. Kwenye barua nakushauri udai 650,000 peke yake, kisha uweke mstari mmoja kwamba haki ya kudai fidia unaibakiza. Ukichanganya deni lenye meseji ya muamala na hasara isiyo na karatasi, atabishana na ile isiyo na karatasi na ile nyingine itachelewa. Wengine watakwambia dai vyote pamoja upate pa kupunguzia. Mimi sipendi hiyo, lakini wapo wanaoifanya.

#22 Mtu wa Gati
Na mfungie njia zote. Leo anasema meli, kesho atasema lori lilipitia Bunda likavuka kivuko cha Kisorya na Rugezi. Muulize kwenye barua: chombo gani, tarehe gani, risiti namba gani.

#23 Bi Barafu
Mpwa wangu kaenda kujifanya anauliza bei ya feni, kanakili jina kwenye leseni. Ni mwanamume, siyo jina lililopokea hela. Nimeandika upya. Majina nimeyaficha humu tu:

"Nansio, Ukerewe
15 Septemba 2025

Kwa: (jina la kwenye leseni), anayefanya biashara kwa jina la (duka), Mwanza.

YAH: KUVUNJA ODA YA FRIZA NA KUDAI KUREJESHEWA SH. 650,000

Tarehe 6 Agosti 2025 niliagiza kwako, kwa WhatsApp kupitia namba ya duka lako, friza moja jipya la lita 200 kwa sh. 620,000, na sh. 30,000 ya kulifikisha Nansio. Siku hiyohiyo nililipa sh. 650,000 kwenye namba niliyoelekezwa na duka lako, iliyosajiliwa kwa jina la (mpokeaji). Kumbukumbu namba ya muamala ni (namba).

Duka lako lilikubali kunifikishia friza gatini Nansio tarehe 9 Agosti 2025. Nilikuwapo. Halikufika, na mpaka leo halijafika.

Duka lako limeniandikia kwamba mzigo ulikabidhiwa melini. Sijawahi kupewa risiti ya mzigo. Kama ulikabidhiwa, nitumie nakala ya risiti hiyo, ukitaja chombo, tarehe na jina la aliyeandikwa kuupokea. Hata hivyo, tulikubaliana unifikishie Nansio, si umkabidhi mtu mwingine.

Kwa barua hii nakupa taarifa ya siku saba kwamba naivunja oda hii. Sihitaji tena friza. Nirudishie sh. 650,000 kabla ya saa 10 jioni, Jumatatu tarehe 22 Septemba 2025, kwenye namba yangu ileile niliyotumia kukulipa.

Usiporejesha, nitafungua madai Mahakama ya Mwanzo bila taarifa nyingine, nikidai fedha hiyo na gharama. Haki yangu ya kudai fidia ya hasara ya biashara naibakiza.

Nimeambatanisha nakala ya ujumbe wa muamala, mazungumzo ya tarehe 6 hadi 9 Agosti, na picha ya boksi niliyotumiwa tarehe 8 Agosti."

Mjane na Mungu nimewatoa. Imeniuma kidogo.

#24 Karani Mstaafu
Mungu bado anaona, hata asipotajwa.

Barua ni nzuri. Badili tarehe ya mwisho. Kama mpwa atawakuta Jumanne badala ya Jumatatu, siku saba hazijatimia tarehe 22, na mtu mjanja ataishika hiyohiyo. Weka Jumatano tarehe 24. Chapa nakala mbili. Moja waachiwe, nyingine waisaini na kuandika tarehe waliyopokea. Wakikataa kusaini, mpwa asigombane. Aende na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, waiache mbele yake, naye aandike kwenye nakala yako kwamba ameshuhudia. Kisha ipige picha, itume pia kwenye namba ya duka.

#25 Dagaa Mkavu
Mzee Karani, hizi taa zangu za 2023 bado naweza kuandika? Au zimeshaoza?

#26 Karani Mstaafu
Deni la mkataba lina miaka sita tangu liliposhindwa kulipwa. Una muda. Muda wa kumpata mtu wa Dar na vielelezo vyako ndio sijui.

#27 Dagaa Mkavu
Simu niliyotumia ilizama ziwani.

#28 Bi Barafu
Mrejesho. Mpwa alikwenda Jumatatu, dada wa kaunta akakataa kusaini, akasema bosi hayupo. Akarudi Jumanne na mwenyekiti wa mtaa. Bosi ghafla akawapo. Akasoma yote akiwa amesimama, hakusaini, mwenyekiti akaandika. Jioni nikapata ujumbe: "Dada mbona tunafikishana mbali, mzigo wako ulienda na lori kupitia Bunda, dereva ndiye kazima simu."

#29 Mtu wa Gati
😂 Nilisema nini #22?

#30 Karani Mstaafu
Usimcheke, mtunzie. Wiki ile ilikuwa meli, wiki hii lori. Hizo meseji mbili ziweke ukurasa mmoja. Umjibu kwa mstari mmoja tu: "Rejea barua yangu ya tarehe 15." Usiingie kwenye habari za dereva.

#31 Kijana wa Makoroboi
Sasa hivi je, bado si uongo? Mzee kubali tu polisi.

#32 Karani Mstaafu
Kijana, safari hii sikupingi sana. Kubadili maneno hakuthibitishi kwamba tangu tarehe 6 alikusudia kuiba, lakini mpelelezi angependa kuziona. Aende akitaka. Madai yake ya hela hayasubiri polisi.

#33 Bi Barafu
Leo tarehe 23. Saa nne asubuhi imeingia 300,000, kutoka kwa jina lilelile lililopokea. Nyuma yake ujumbe: "Nimepunguza, iliyobaki mwisho wa mwezi. Andika hapa kuwa tumemalizana ili nifunge mahesabu." Nimefurahi mpaka nikataka kuandika. Niandike?

#34 Ngosha wa Nyakato
Mwandikie tu, mtu akishaanza kulipa ameonesha nia. Ukimkazia atanuna akate.

#35 Karani Mstaafu
Usiandike "tumemalizana"! Mkimalizana leo, tarehe 30 atakudai wewe ushahidi kwamba bado kuna deni.

Andika hivi, neno kwa neno ukitaka: "Nimepokea sh. 300,000 leo 23 Septemba, ikiwa ni sehemu ya sh. 650,000 ninazodai kwa barua ya 15 Septemba. Zimebaki sh. 350,000. Nimekubali uzilipe mpaka Jumanne 30 Septemba saa 10 jioni. Thibitisha." Akijibu "sawa", au hata dole gumba, amekiri deni kwa maandishi yake. Hiyo ni bora kuliko ile laki tatu yenyewe. Na wakija kusema aliyepokea hela hakuifikisha dukani, hii ya leo imetoka wapi? Jina lilelile. Umeona.

#36 Shem wa Igoma
Kumbe si kukosea namba. Nimesoma uzi wote sasa. Samahani.

#37 Bi Barafu
Nimetuma. Amejibu "Sawa dada hakuna shida". Nimepiga skrinshoti mbili.

Kuna jambo silielewi bado. Mpwa anasema alipokuwa dukani aliona friza la aina ileile, boksi lina mkwaruzo kona ya juu kushoto kama la kwenye picha yangu. Inawezekana ndilo langu halikuondoka kabisa?

#38 Mtu wa Gati
Inawezekana. Inawezekana pia maboksi yote yanakwaruzwa na haohao wapakuaji. Usikimbilie kulidai, ulishaandika hulihitaji.

#39 Karani Mstaafu
Mtu wa Gati kamaliza. Likija likiwa gatini Nansio wiki ijayo, usilipokee. Wakati mwingine hufanya hivyo, wanatuma mzigo baada ya barua ili deni life.

#40 Dagaa Mkavu
Dada unauza barafu ndoo shilingi ngapi? Nina mtumbwi unashuka Ijumaa.

#41 Bi Barafu
Njoo inboksi kaka, nitakuuzia ya jirani.

#42 Bi Barafu
Jumanne tarehe 30, saa kumi na robo jioni. Haijaingia kitu. Nimempigia mara moja, simu inaita haipokelewi. Nina nakala ya barua iliyoshuhudiwa na mwenyekiti, meseji ya muamala, ya meli, ya lori na ile ya "sawa dada". Baba Karani, kesho nianzie dirisha gani pale?

#43 Karani Mstaafu
Nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo lilipo duka, yeye ndiye wa kufuatwa. Ulizia masjala, sema unafungua shauri la madai, dai ni 350,000. Watakupa fomu na kukwambia ada. Beba nakala za kila kitu seti tatu: ya mahakama, ya kwake, ya kwako. Na simu iwe na chaji.

#44 Mtu wa Gati
Kesho Jumatano. Wahi kukata tiketi, asubuhi panajaa.